Nywila Moja: Simu Yakubali, Kompyuta Yakataa

Watu wa Lubumbashi au Bujumbura, waliozoea kuandika Kifaransa, huweza kuchagua nywila kama `Café2019`. Simu inaikubali, lakini programu ya zamani kwenye kompyuta inaikataa, ingawa herufi zote ni zilezile.

Chanzo ni `é`. Kompyuta huhifadhi namba, si herufi. Mfumo wa zamani wa `ISO-8859-1` huiandika herufi hiyo kwa baiti moja, `E9`. Mfumo wa `UTF-8`, unaotumika zaidi leo, huiandika kwa baiti mbili, `C3 A9`. Kwa kawaida seva haitunzi nywila yenyewe, bali matokeo ya hesabu iliyofanywa juu ya baiti hizo. Baiti zikibadilika, matokeo hubadilika kabisa, na mlango haufunguki.

Herufi za a hadi z na tarakimu zina namba zilezile katika mifumo yote miwili. Kwa hiyo, ingia kwa kifaa kinachokubali, weka nywila ya muda isiyo na alama juu ya herufi, kisha ijaribu kwenye kile kilichokataa. Kikifunguka, tatizo lilikuwa `é`. Sasa chagua nywila ya kudumu ya aina hiyo, na uirefushe ili iwe ngumu kubahatishwa.