Umeme wa runinga huliwa na taa za nyuma

Runinga nyingi za sebuleni siku hizi ni za LCD, na kioo chake hakitoi mwanga wowote. Kinachowaka ni taa ndogo za LED zilizo nyuma ya kioo, na hizo ndizo zinazokula sehemu kubwa ya umeme. Kwa hiyo ukitaka kuokoa uniti, shughulika na taa hizo.

Ingia kwenye menyu utafute Energy Saving au Power Saving. Ukichagua kiwango cha kati, runinga inafifisha taa za nyuma. Weupe unapoa kidogo, na usiku taa ya sebule ikiwa hafifu huenda usione tofauti kabisa. Mchana madirisha yakiwa wazi ni habari nyingine: filamu yenye matukio ya gizani itakuonyesha vivuli tu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia Brightness. Jina linadanganya. Katika runinga nyingi, Brightness hubadilisha weusi wa picha, si nguvu ya taa. Ukiipandisha, nyeusi inageuka kijivu na picha inapauka, wala taa hazijaongezeka. Kinachotakiwa ni Backlight. Ukikuta imefifia na haibonyezeki, mara nyingi Energy Saving ndiyo iliyoishikilia. Izime, kisha shusha Backlight mwenyewe hadi macho yaridhike. Mimi napendelea njia hii, kwa sababu ile ya Auto, inayopima mwanga wa chumba, wakati mwingine hubadilisha mwanga katikati ya mechi mtu akiwasha taa tu.

Angalia pia Picture Mode. Vivid, inayopendwa madukani, husukuma taa karibu na mwisho. Standard au Cinema huzituliza.

Utajuaje umeokoa? Zima kila kitu nyumbani, friji pia, ubakize runinga, kisha hesabu mimweko ya kitaa cha mita. Mita ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mmweko ni saa-wati moja. Tuseme kwa dakika 12 umehesabu 16 ukiwa kwenye Vivid, na 10 baada ya kushusha Backlight. Hiyo ni kutoka wati 80 hadi 50. Kwa saa sita kila siku, mwezi wa siku 30 umebakiza uniti 5.4.

Wanaoacha runinga ikiimba taarabu huku wakipika watumie Screen Off: sauti inabaki, taa zote zinazimika.

Runinga za OLED hazina taa za nyuma, kila nukta hujiwakia yenyewe. Humo Energy Saving hupunguza mwanga wa nukta zenyewe, lakini matumizi hufuata pia kinachoonyeshwa: mechi ya mchana hula kuliko filamu ya usiku, hata mpangilio ukiwa uleule.