Kupima Viwanja vya Anwani Kabla ya Kujenga Wingu

Anwani ya IP ya toleo la 4 ina biti 32. Katika uandishi wa CIDR, ulioanza mwaka 1993, namba inayofuata mkwaju hutaja biti ngapi za mwanzo zimefungwa. Zinazobaki ndizo za kugawia mashine. Kwa hiyo 10.40.0.0/16 huacha biti 16, yaani anwani 65,536. Namba ya mkwaju ikipanda kwa moja, kitalu hukatika nusu. Hapo wageni wengi hujikwaa, maana /16 ni kubwa kuliko /20.

Anwani za ndani hutoka katika vitalu vitatu: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Kila mtu anaruhusiwa kuvitumia bila kuomba, na ndiyo sababu hugongana. Mfano ulio wazi ni Amazon: mtandao wa awali ambao AWS humtengenezea mteja huwa 172.31.0.0/16 katika kila akaunti na kila kanda. Idara mbili zikianza kazi kila moja kwa akaunti yake, zikiacha mtandao huo kama zilivyoukuta, siku ya kuunganishwa zitakuwa na anwani zilezile. AWS hukataa kuunganisha moja kwa moja mitandao ya namna hiyo. Hata kwa njia nyingine, mashine ikitafuta 172.31.5.9, ruta huiona anwani hiyo kuwa ya nyumbani na pakiti haitoki nje. Kitalu cha kwanza cha mtandao wa AWS hakibadilishwi. Huongezwa kingine tu. Kilichobaki ni kutafsiri anwani kwa NAT, kazi yenye usumbufu usiokwisha, au kujenga mtandao mpya na kuhamisha mashine.

Dawa ni kukata shamba zima kabla ya kujenga. Tuseme kampuni inajitengea 10.40.0.0/14. Humo mna vitalu vinne vya /16: 10.40 kwa huduma za wateja, 10.41 kwa majaribio, 10.42 kwa ofisi, na 10.43 kinaachwa wazi. Kila /16 hugawika tena kuwa vipande 16 vya /20, kila kimoja kikiwa na anwani 4,096, ingawa AWS hujiwekea tano katika kila kipande. Faida nyingine ni kwamba ruta ya upande wa pili inahitaji mstari mmoja tu, 10.40.0.0/14, kufikia yote manne.

Mipaka haichaguliwi ovyo: /14 huanzia pale namba ya pili inapogawanyika kwa nne, hivyo 10.42.0.0/14 si sahihi. Kabla ya kutoa kitalu kipya, Python hukagua mgongano:

```python
from ipaddress import ip_network as n
print(n("10.40.0.0/14").overlaps(n("10.42.8.0/24")))
```

Jibu ni `True`: kitalu hicho kimekwisha kuchukuliwa na ofisi. Vilevile 192.168.1.0/24 iachwe nje ya mpango, kwa kuwa ruta nyingi za majumbani huitumia, na mfanyakazi anayeingia kwa VPN kutoka nyumbani angekwama.