Homa Imeshuka, Kikohozi Kimebaki

Homa ya mafua, ile inayoletwa na virusi vya influenza, ina mwendo wake. Huanza ghafla: asubuhi mtu yuko kazini, jioni anatetemeka chini ya blanketi, kichwa kinamgonga na viungo vyote vinamuuma. Joto hupanda kwa siku 3 au 4, kisha hushuka, na kufikia siku ya saba wengi wameshaamka, wamebaki na uchovu na kikohozi. Kwa nchi zetu zilizo karibu na ikweta virusi hivi huzunguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna miezi ambayo mtu anaweza kusema sasa yuko salama.

Ninachotaka kueleza ni kile kinachotokea baada ya joto kushuka, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huacha kujiangalia. Daktari anapompokea mtu aliyekawia kupona, huuliza mapema sana: tangu homa ishuke, umekuwa ukipata nafuu kila siku, au ulipata nafuu kisha ukazidiwa tena? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko kikohozi chenyewe. Kukohoa baada ya mafua ni kawaida. Kupata nafuu kisha kurudi nyuma si kawaida.

Tuanze na lililo jepesi. Virusi vinachubua utando wa ndani wa njia ya hewa, kuanzia kooni hadi kwenye mirija inayoingia mapafuni. Juu ya utando huo kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma makohozi na vumbi kwenda juu. Vinyweleo hivyo hufa kwa wingi wakati wa mafua makali, na huchukua wiki kadhaa kuota tena. Mirija ikivimba na kujaa ute, kazi yote ya kusafisha inabaki kwa kikohozi. Huo ndio mkamba. Kikohozi huanza kikavu, baadaye hutoa makohozi, na kwa kawaida huendelea hadi wiki 3. Misuli ya mbavu huuma kwa sababu ya kukohoa usiku kucha, na mgonjwa akibonyeza mahali panapouma maumivu huongezeka.

Makohozi yakigeuka njano au kijani, wengi hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Rangi hiyo hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana, na haithibitishi kwamba kuna bakteria. Mkamba unaofuata mafua kwa sehemu kubwa ni wa virusi, na amoksilini haiviwezi virusi. Anayemeza vidonge hivyo siku ya kumi na kupona siku ya kumi na tano huvishukuru vidonge, ilhali ugonjwa ulikuwa umefika mwisho wake. Kinachosaidia ni maji ya kutosha, parasetamoli kwa maumivu, kukaa mbali na moshi wa mkaa na wa dawa ya mbu ya kuchoma, na kijiko cha asali kwa mtu mzima au mtoto aliyezidi mwaka mmoja. Lakini kikohozi kikifika wiki 2 nenda kituoni upimwe kifua kikuu, hata kama una hakika kilianza na mafua. Ukikohoa damu, au ukikonda na kutoka jasho jingi usiku, usisubiri hizo wiki 2.

Joto likirudi baada ya kuwa limeshuka, fikiria nimonia. Mafua huacha mapafu bila ulinzi, na bakteria huingia. Wakati huo huo pima malaria, kwa kuwa homa ya pili inaweza kuwa na chanzo kingine kabisa. Nyumbani kipimo bora ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mgonjwa akiwa ametulia. Kwa mtoto, inua shati utazame tumbo likipanda na kushuka, na usihesabu akiwa analia. Pumzi 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, au 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, ni nyingi mno, na mtoto anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikiwa inaingia ndani kila anapovuta hewa, hali ni mbaya zaidi. Mtu mzima aliyekaa kitako na bado anapumua mara 30 kwa dakika anahitaji hospitali.

Kwa mwenye pumu mambo huenda kwa njia nyingine. Mirija yake ina uvimbe mdogo hata siku anazojisikia mzima, na virusi vya mafua huuchochea uvimbe huo. Misuli inayozunguka mirija inajikaza, ute unaongezeka, na njia ya hewa inakuwa nyembamba. Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 34 mwenye pumu, ambaye ana pampu mbili: ya bluu ya salbutamol, inayofungua mirija kwa haraka, na ya kahawia yenye beklometasoni, inayotuliza uvimbe ikitumiwa kila siku. Kama wengi, ya kahawia aliiacha miezi iliyopita kwa kuwa hakuona inachofanya. Anapata mafua Jumatatu. Alhamisi joto linashuka. Ijumaa usiku anaamka saa 9, kifua kimembana na kinapiga mluzi, anavuta pampu ya bluu na kulala. Jumamosi anaihitaji asubuhi, mchana na jioni. Jumapili nafuu anayopata haifikishi saa 4 kabla ya kifua kubana tena.

Hatari yake haikuanza Jumapili. Ilianza Ijumaa usiku, kwa sababu kuamshwa na pumu ni dalili kwamba mirija imevimba na kwamba kuifungua tu hakutoshi. Jumamosi asubuhi alistahili kuwa kituoni, na huenda angepewa vidonge vya prednisoloni kwa siku chache vikazima uvimbe kabla haujamwelemea. Jumapili, nafuu isipodumu saa 4, ni siku ya kwenda hospitali bila kujadiliana. Na kama hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, midomo imebadilika rangi, au amekuwa mlegevu na mwenye usingizi, hiyo ni dharura ya dakika. Jambo linalowadanganya ndugu ni mluzi kunyamaza. Mgonjwa aliyekuwa akipiga mluzi akanyamaza huku bado anahangaika kupumua hajapona: hewa inayopita imekuwa ndogo mno hata sauti haitoki.

Njiani kwenda hospitali aendelee na pampu ya bluu, mipulizo 4 hadi 10 kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, mpulizo mmoja mmoja, akiwa amekaa wima. Dawa hufika mapafuni vizuri zaidi ikipitia kwenye chombo cha kati. Asiye na chombo cha dukani anaweza kutumia chupa ya plastiki ya mililita 500: toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, ziba pembeni hewa isivuje, puliza dawa humo na upumue kwa utulivu kupitia mdomo wa chupa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya namna hiyo iliyozibwa vizuri iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na chombo cha kununua. Vidonge vya salbutamol, ambavyo bado vinauzwa sana kwetu, hufanya kazi polepole na huleta mapigo ya moyo na mikono kutetemeka. Na mwenye pumu awe mwangalifu na aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa kwa baadhi ya wagonjwa huamsha shambulio. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa joto lake. Watoto, wawe na pumu au wasiwe nayo, wasipewe aspirini kabisa wakati wa mafua.

Sasa moyo. Mara chache, virusi vyenyewe au kinga ya mwili inayopigana navyo hushambulia misuli ya moyo, ikavimba. Ni nadra, lakini humpata hata kijana mwenye afya. Msuli uliovimba husukuma damu kwa udhaifu, na njia za umeme zinazopanga mapigo huvurugika. Dalili huja siku chache hadi wiki kadhaa baada ya mafua kuanza, mara nyingi mtu anapodhani amemaliza.

Dalili hizo hufanana na uchovu wa mafua, na ndiyo maana hupita bila kuonekana. Tofauti iko kwenye mwelekeo. Uchovu wa kawaida hupungua kila siku. Huu huongezeka: kijana aliyepanda ngazi bila shida wiki iliyopita sasa anasimama katikati kutafuta pumzi. Usiku hawezi kulala chali, anaongeza mito, au anaamka akikaa kitandani kutafuta hewa. Kifua kinauma katikati kama kuna kitu kizito juu yake, na maumivu hayaongezeki ukikibonyeza. Vifundo vya miguu vinavimba jioni. Mapigo yanaruka au yanakwenda mbio bila sababu. Shika kifundo cha mkono, hesabu kwa dakika nzima: kwa mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100. Homa huyapandisha, hilo linaeleweka. Lakini joto likiwa limeshuka na mapigo yanabaki juu ya 100 mtu akiwa amepumzika, anahitaji kuonwa. Akizimia au akikaribia kuzimia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa mtoto mchanga picha ni nyingine kabisa: anaacha kunyonya, anatoka jasho akijaribu, anapauka, anatapika, anapumua haraka huku hakohoi sana. Hapa nimonia huchukua lawama isiyo yake, na wakati mwingine tumbo.

Hospitalini watapima umeme wa moyo, watatoa damu kutafuta troponini, ambayo huvuja pale misuli ya moyo inapoumia, na watautazama moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti kuona unavyosukuma. Vipimo hivi havifanywi kila zahanati, kwa hiyo rufaa ni ya lazima. Na kwa kuwa daktari anaona mtu mwenye maumivu ya kifua leo tu, mwambie wazi: nilikuwa na mafua makali wiki iliyopita. Sentensi hiyo inamwelekeza mahali pa kutafuta. Inafaa hata kwa wazee na wenye presha au kisukari, kwa sababu mafua pia huchochea shambulio la moyo la kuziba mishipa. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na influenza, uwezekano wa kulazwa kwa shambulio hilo ulikuwa takribani mara 6 ya kawaida yake.

Wengi ambao misuli ya moyo imevimba hupona, ingawa wachache hubaki na moyo dhaifu. Tiba kubwa ni kuusaidia moyo kwa dawa na kuupumzisha, na hapo ndipo vijana wanaocheza mpira hukosea. Baada ya wiki 2 hajisikii kuumwa, anarudi uwanjani, na msuli ambao bado una uvimbe unaweza kuingia kwenye mapigo yasiyo na mpangilio katikati ya mbio. Madaktari humzuia mazoezi makali kwa miezi 3 hadi 6, kisha humpima tena umeme wa moyo na nguvu ya kusukuma kabla ya kumruhusu. Kutembea kwenda dukani na kazi nyepesi za nyumbani daktari humpa mapema zaidi, hatua kwa hatua.