Usisugue Hiyo Shilingi ya Kogo! Hivi Ndivyo Sarafu Kuukuu Hupimwa Kabla Iuzwe

Wasee, nianze na aibu yangu mwenyewe. Desemba iliyopita nilikuwa Londiani kwa Kogo, ile baridi ya kule inakufanya ushinde jikoni karibu na moto. Kogo akatoa mkebe wa majani chai kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na shilingi tatu za mkoloni, za babake, aliyefanya kazi ya reli enzi zile stesheni ya Londiani ilikuwa na shughuli. Zote tatu za mwaka wa 1944, upande mmoja mfalme George wa Sita, upande mwingine simba amesimama na milima nyuma yake.

Moja ilikuwa imelika hadi simba anakaa ng'ombe. Mbili zilikuwa fiti, ila zimeingia rangi, kijivu kizito na kidogo kama dhahabu pembeni. Mimi nikaona uchafu. Nikachukua moja ya zile fiti, dawa ya meno na ile waya ya kuoshea sufuria, nikasugua hadi ikawaka kama kijiko kipya. Kogo akasema, "We kijana, hiyo si sufuria." Nikacheka.

January nikazipeleka Nairobi kwa mzee mmoja anayekusanya sarafu. Ile iliyolika alisema atanipa soo mbili. Ile sikugusa, ngiri moja na mia tano. Nikatoa ile yangu inayowaka, nikingoja kitu kubwa. Akaiinamisha chini ya taa mara moja tu, akairudisha mezani. "Hii pia soo mbili. Uliisugua na nini?"

Dakika tano za jikoni zikala ngiri moja na mia tatu. Nikamwomba anifunze alichoona, na hii ndiyo rada aliyonipea.

Kwanza, ujue umeshika nini

Shilingi za Afrika Mashariki za George wa Sita za 1937 hadi 1946 si silva tupu. Ni robo silva, na sehemu kubwa ya ile robo tatu iliyobaki ni shaba. Sarafu nzima ina uzito wa gramu 7.8 hivi, kwa hivyo silva yenyewe haifiki gramu mbili. Kuanzia 1948 wakaacha silva kabisa, wakatumia shaba na nikeli. Ukiona herufi SA kwenye ya 1944, hiyo ilitengenezwa Pretoria. Ukiona H, ni Birmingham.

Hii maneno ya robo silva ndiyo siri ya stori yote. Chuma chenye silva kidogo kikitengenezwa sarafu, mara nyingi huoshwa na asidi kiwandani ili shaba ya juu juu itoke na ngozi nyembamba yenye silva nyingi ibaki. Hiyo ngozi ndiyo hufanya sarafu ikae nyeupe ikiwa mpya. Ikitembea mikononi miaka mingi, ngozi inaisha kwenye sehemu zilizoinuka, na rangi ya njano au ya waridi ya shaba inachungulia. Mimi na waya yangu tulifanya kazi ya miaka thelathini ya soko kwa dakika tano.

Kulika: soma simba, usisome tarehe

Sarafu hulika kuanzia juu kwenda chini. Kidole, mfuko na sarafu zingine zinagusa kwanza mahali palipoinuka. Kwa mfalme, cheki shavu na nyusi. Kwa simba, cheki bega, paja na nywele za shingo. Kama nywele za simba bado zimechambuka moja moja, sarafu haijatembea sana. Kama zimeshikana kuwa donge moja lakini mwili una umbo, hiyo ni ya katikati. Kama simba amebaki kivuli tu, na maandishi ya pembeni yanaanza kuingiliana na ukingo, hiyo ni ya chini.

Wakusanyaji wa huku wengi walirithi majina ya Waingereza, kutoka ile ya chini kabisa hadi ile ambayo haijawahi kutumika. Wamarekani wanatumia namba, 1 hadi 70. Huo mfumo ulianzishwa na William Sheldon mwaka wa 1949 kwa sarafu za senti za Marekani, na wazo lake lilikuwa kwamba namba ifuate bei, yaani ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Hesabu ya bei ilikufa mapema, lakini namba zikabaki. 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kulika kwa matumizi. Chini ya hapo, imetembea.

Sasa kuna mtego hapa. Wakati mwingine paja la simba ni bapa na sarafu haijawahi kutoka kiwandani kwenda sokoni. Muhuri ulipiga bila nguvu ya kutosha, chuma hakikujaza umbo. Utajuaje? Angalia mng'ao juu ya hiyo sehemu bapa. Sarafu mpya ina mistari midogo sana ya chuma kilichotiririka wakati wa kupigwa, na hiyo mistari ndiyo hurudisha mwanga. Ukiizungusha chini ya taa moja, mwanga unazunguka kama mabawa ya feni. Sehemu bapa yenye huo mwanga ni pigo hafifu. Sehemu bapa iliyofifia, mwanga unakatikia hapo, imelika.

Kusugua: mahali nilijichoma

Ukielewa hiyo mistari midogo, utaelewa kwa nini mzee alihitaji sekunde moja tu. Dawa ya meno ina unga wa kukwaruza. Waya ndiyo mbaya zaidi. Zote zinakata ile mistari na kuacha mikwaruzo mipya. Sarafu inawaka, lakini inawaka kama kioo cha bei rahisi, mwanga wote mahali pamoja, hauzunguki tena.

Jaribu hivi. Zima taa zote, bakisha moja, au tumia tochi ya simu kutoka kando. Shika sarafu kwa ukingo, iinamishe polepole. Mikwaruzo ya kusugua hutokea kama nywele nyembamba, mingi ikielekea upande mmoja au ikizunguka duara, kulingana na mkono ulivyokwenda. Mikwaruzo ya matumizi ya kawaida haina mpango, imetawanyika kila upande. Halafu cheki kona za ndani, kati ya herufi na chini ya tumbo la simba. Kama nje kunawaka na kona bado nyeusi, kuna mtu alipita hapo na kitambaa.

Asidi na dawa za kuchovya hazikwaruzi, lakini pia si salama. Zinayeyusha uso kidogo kila mara, na kwa sarafu yenye ngozi nyembamba kama hii, ukichovya sana inakufa, inabaki nyeupe bila uhai. Na hakuna kurudi. Kampuni kubwa za Marekani za kupima, PCGS iliyoanza 1986 na NGC ya 1987, zikipata sarafu iliyosuguliwa vibaya haziipi namba. Zinaandika neno "Details" kwenye kibandiko, pamoja na kasoro yenyewe, na kila mnunuzi anayeliona anajua bei inashuka.

Rangi: si uchafu, manze

Umewahi kuona petroli ikimwagika kwenye dimbwi pale steji, inatoa rangi za upinde wa mvua? Rangi kwenye silva inafanya kazi hivyo hivyo. Hewa ina kiasi kidogo cha salfa, na salfa pia hutoka kwa mpira, sufi na karatasi za bei rahisi. Inashikana na silva na kutengeneza utando mwembamba sana. Unene wa utando ndio unaamua rangi tunayoona. Unaanza na njano ya dhahabu, unaenda wekundu na zambarau, halafu buluu, na ukizidi kuwa mnene unaishia kijivu kizito na weusi.

Kwa hivyo rangi inaweza kupandisha bei au kuishusha. Utando mwembamba, uliosambaa sawa, mng'ao ukionekana chini yake, wanunuzi wengi wanaupenda, kwa sababu ni ushahidi kwamba hakuna aliyegusa uso. Utando mweusi uliokula hadi chuma, wenye vishimo, unashusha. Ile shilingi yangu iliyopata ngiri moja na mia tano haikuwa ya kupendeza. Ilikuwa tu haijaguswa.

Wajanja wanajua hilo, wanapika rangi. Yai la kuchemsha lina salfa ya kutosha kupaka sarafu usiku mmoja. Dalili yake ni rangi kali zilizolala juu ya uso bila mng'ao chini, au rangi iliyojaa ndani ya mikwaruzo ya kusugua. Ukiona hivyo, ujue sarafu ilisuguliwa kwanza, halafu ikapakwa rangi kuficha.

Sasa ufanye nini na mkebe wa kwenu?

Usioshe. Kama kuna udongo wa kawaida, loweka kwa maji yaliyochujwa ya betri, yale yasiyo na asidi, kisha uache ikauke bila kufuta. Kama kuna ute wa kijani unaonata, mara nyingi umetoka kwa mfuko laini wa plastiki. Huo unatolewa na asetoni safi ya duka la kemikali. Inayeyusha ute bila kula chuma. Usitumie ile ya kutoa rangi ya kucha yenye mafuta na manukato, na usiitumie karibu na moto wa jikoni.

Kwa baridi na unyevu wa kule Londiani na Kericho, weka kila sarafu peke yake kwa bahasha nzuri ndani ya mkebe unaofunga, na utupie vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Shika kwa ukingo siku zote.

Na usitume shilingi ya kawaida kama hii Marekani ikapimwe. Ada na posta vitaimeza mzima mzima. Vilevile, mtu akikuambia ile sarafu ya 40 bob ya Kibaki ya mwaka wa 2003 ni ya mamilioni, mradi tu utume ada ya usajili kwanza, funga simu.

Ile shilingi niliyoharibu sikuiuza. Nimeirudisha kwa mkebe wa Kogo, kando ya ile iliyolika. Ile nzuri pia nimeirudisha, kwa sababu Kogo alisema hakuwahi kusema anauza.