Ukijisafisha Kupita Kiasi, Kuwashwa Hakuishi

Mtu anayewashwa kwenye njia ya haja kubwa hufanya mambo mawili kabla hajamwambia yeyote. Hununua dawa ya minyoo, kisha huanza kujichamba kwa sabuni nyingi kuliko zamani. La kwanza huenda likawa sahihi. La pili karibu kila mara humwongezea taabu, na ndilo linalowafanya watu wengi waugulie jambo hili kimya kwa miezi, hata miaka.

Ngozi inayozunguka tundu la haja kubwa ni laini, ina mikunjo, ina mishipa mingi ya fahamu na haipati hewa. Juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta unaoikinga. Kinyesi kinachobaki hapo, hata kama ni kidogo kisichoonekana, huichoma na kuiwasha. Kwa hiyo ni kweli kwamba uchafu huleta kuwashwa. Lakini sabuni nayo huuondoa ule utando wa mafuta, ngozi ikakauka na kupasuka vijufa vidogo, na baada ya hapo hata jasho na maji huiwasha. Mgonjwa akihisi hivyo hudhani bado hajatakata, akarudi bafuni kusugua tena.

Tuchukue dereva wa lori wa miaka arobaini anayesafiri kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Aliharisha siku chache, tumbo likatulia, lakini kuwashwa kukabaki. Anakaa kwenye kiti cha plastiki tangu alfajiri, jasho linamtoka, na anakunywa kahawa kikombe baada ya kikombe ili asisinzie. Akifika nyumbani anajichamba kwa sabuni yenye manukato, kisha anamalizia kwa dawa ya maji ya kuua vijidudu, ile ya kusafishia vidonda. Inamchoma, naye anachukulia mchomo huo kuwa dalili kwamba dawa inafanya kazi. Njiani hutumia tishu zenye maji na manukato, zile za kufutia watoto. Usiku hujikuna akiwa usingizini, na asubuhi hukuta damu kidogo kwenye chupi.

Kila kitu katika maelezo hayo kina mchango wake. Kuharisha ndiko kulikoanza kuichubua ngozi. Joto na jasho vikaifanya ilowe muda wote. Kahawa kwa baadhi ya watu huchochea tumbo na kulegeza msuli unaofunga njia ya haja, majimaji ya kinyesi yakapenya kidogo kidogo. Pilipili, soda za kola na bia pia huwasumbua wengine. Tishu zile zina manukato na kemikali za kuhifadhi zinazoweza kuleta mzio. Dawa ya kuua vijidudu ikaunguza kilichobaki. Na kujikuna kuliifanya ngozi iwe nene na ngumu, na ngozi ya namna hiyo huwasha zaidi hata pale chanzo cha awali kinapokuwa kimeondoka.

Kisha akaenda duka la dawa. Akauziwa krimu iliyochanganya dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Wiki ya kwanza alipata nafuu kubwa. Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa sababu steroidi hutuliza mwasho wowote ule, uwe wa fangasi au wa mzio. Ikipakwa wiki nyingi mahali pembamba kama pale, hupunguza unene wa ngozi, huwapa fangasi nafasi ya kusambaa, na mtu akiiacha mwasho hurudi kwa nguvu. Isitoshe, hubadili sura ya ugonjwa, daktari akashindwa kuutambua. Steroidi hafifu, kama haidrokotizoni ya asilimia 1, ina nafasi yake kwa wiki moja au mbili hivi, tena kwa ushauri wa mtaalamu.

Kilichomsaidia hakikuwa dawa ya ajabu. Aliacha sabuni kabisa katika sehemu hiyo, akajichamba kwa maji matupu ya uvuguvugu, akajikausha kwa kugusisha kitambaa laini bila kusugua. Wenzetu wanaotumia maji chooni wana desturi nzuri kuliko karatasi kavu, mradi wakumbuke kujikausha. Akavaa chupi za pamba, akapunguza kahawa, akakata kucha, na akawa anapaka krimu ya zinki au mafuta mgando yasiyo na manukato ili kuikinga ngozi. Mwasho wa namna hii hauishi kwa siku mbili. Ngozi huhitaji wiki kadhaa kujirudi, na anayeacha mapema hurudi alikoanzia.

Sasa turudi kwenye minyoo, maana si kila mara ni kuisingizia. Ipo minyoo midogo myeupe inayofanana na vipande vya uzi, jike akiwa na urefu wa kama sentimita moja. Usiku hutoka nje na kutaga mayai kwenye ngozi ya pale pale, ndiyo maana mwasho wake huzidi mtu akishalala. Huwapata zaidi watoto na wanaoishi nao. Kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakiioni, kwa hiyo jibu la kwamba huna minyoo si la mwisho. Kinachosaidia ni kubandika selotepu angavu kwenye ngozi hiyo asubuhi kabla ya kuoga au kwenda haja, kisha kuipeleka maabara. Hurudiwa asubuhi tatu mfululizo. Dawa kama albendazo huua minyoo lakini si mayai, hivyo dozi hurudiwa baada ya wiki mbili, nyumba nzima hutibiwa siku moja, na mashuka na nguo za ndani hufuliwa. Mjamzito asiimeze bila kumwuliza daktari.

Bawasiri, michaniko, fangasi, upele na pumu ya ngozi navyo huwasha, na mwenye kisukari hupata fangasi kwa urahisi zaidi. Haiwezekani kuvitofautisha kwa kuhisi tu. Ukiwa umeacha sabuni na krimu kwa wiki tatu na bado unawashwa, nenda ukapimwe. Usisubiri wiki hizo kama unatoka damu inayojirudia, kuna uvimbe au kidonda kisichopona, usaha au ute, maumivu makali, umekonda bila sababu, au mwenendo wako wa choo umebadilika. Saratani ya eneo hili si ya kawaida, lakini mara nyingi huanza kwa kufanana na bawasiri, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wako katika hatari kubwa zaidi.

Kuwashwa hakumwelezi daktari chochote kuhusu maisha yako ya faragha, basi hofu ya kufikiriwa vibaya isikuzuie. Utalala kwa ubavu, magoti yamekunjwa. Atatazama ngozi, ataingiza kidole chenye glavu na mafuta, na pengine kifaa kifupi cha kuangalia ndani. Huchukua dakika chache. Una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako au mtu wa kuwa nawe chumbani. Siku hiyo usipake kitu chochote, na beba maboksi ya krimu zote ulizokwisha kutumia, hata zile ulizopewa na jirani.