Umeme wa Ndege Injini Zote Zikizimika

Abiria anapoketi ndani ya ndege kubwa Dar es Salaam au Nairobi, injini zilizoning'inia chini ya mabawa mara nyingi bado zimezimwa. Hata hivyo taa zinawaka, hewa ya ubaridi inapuliza, na kwa nyuma husikika mvumo mkali usiokatika. Unatoka kwenye injini ya ziada ambayo wasafiri wengi hawaijui. Imefichwa kwenye ncha ya mkia na haisukumi ndege hata hatua moja. Kazi yake ni kuzungusha jenereta na, katika ndege nyingi, kutoa hewa yenye shinikizo inayotumika kuwashia injini kubwa. Marubani na mafundi huiita APU, herufi zilizoandikwa kwenye swichi yake.

Injini kubwa zikishawaka, kila moja huzungusha jenereta yake, na umeme unahamia huko. Ndipo taa za kabini zinapoweza kupepesa mara moja tu, jambo linalowashtua wengine bila sababu. APU huzimwa ili isile mafuta bure. Jenereta moja ikiharibika angani, iliyobaki hubeba vitu vya lazima, majiko ya wahudumu hukatiwa umeme kwanza, na rubani anaweza kuiwasha APU ikasaidia.

Tatizo ni kwamba APU inakunywa mafuta kutoka matangi yaleyale ya injini kubwa.

Hilo lilidhihirika Julai 23, 1983, katika anga ya Kanada. Boeing 767 mpya ya shirika la Air Canada ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa, ikiwa na watu 69. Vipimo vyake vya mafuta vilikuwa vimeharibika, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti na kiasi kikapigiwa hesabu kwa mkono. Ndege hiyo ilipima mafuta kwa kilo, ilhali ndege nyingine za shirika zilipima kwa ratili. Waliopiga hesabu walizidisha lita kwa 1.77, ambayo ni ratili katika lita moja, wakidhani wamepata kilo. Namba sahihi ilikuwa takriban 0.8. Safari ilihitaji kilo 22,300, na kwa kujaza tangi hadi kiasi hicho zilitakiwa lita 20,000 hivi za ziada. Ziliongezwa zisizofika 5,000. Ndege ikaruka na chini ya nusu ya mafuta iliyoyahitaji.

Ikiwa futi 41,000, kengele za shinikizo la mafuta zilianza kulia. Injini ya kushoto ilizimika, kisha ya kulia ikafuata. Jenereta zote mbili zikasimama, na APU haikuwa na cha kuchoma. Boeing 767 ilikuwa miongoni mwa ndege za kwanza za abiria kuonyesha taarifa zake muhimu kwenye skrini za umeme, na skrini hizo zikawa giza. Betri zikabaki kulisha redio na vipimo vichache vya akiba.

Lakini betri haziwezi kugeuza mabawa madogo ya usukani ya ndege yenye uzito wa tani nyingi. Nguvu hiyo hutoka kwenye haidroliki, yaani mafuta maalumu yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya mabomba, na pampu zake huendeshwa na injini au na umeme. Vyote viwili vilikuwa vimekwisha. Hapo ndipo kifuniko kilifunguka tumboni mwa ndege na pangaboi dogo likachomoza nje. Mafundi huliita RAT. Upepo unaotokana na mwendo wa ndege yenyewe hulizungusha kwa kasi, nalo huendesha pampu au jenereta. Katika 767 ya siku ile liliendesha pampu ya haidroliki tu. Halikuzalisha umeme, wala halikurudisha skrini hata moja, ila nahodha Bob Pearson akabaki na usukani unaotii.

Rubani msaidizi Maurice Quintal alikuwa akilinganisha kimo kilichopotea na umbali uliopigwa, waongozaji wa Winnipeg wakimpa umbali huo kwa redio. Hesabu ilionyesha kwamba Winnipeg haifikiki. Karibu zaidi palikuwa na Gimli, kituo cha zamani cha jeshi la anga ambako Quintal aliwahi kutumikia. Asichojua ni kwamba sehemu ya njia ya kurukia ilikuwa imegeuzwa uwanja wa mbio za magari, na siku hiyo familia zilikuwa zimekusanyika hapo.

Walipokaribia, walikuwa juu mno. Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akailaza ndege ubavu huku akiigeuzia usukani wa mkia upande wa pili, ili ishuke haraka bila kuongeza kasi. Ilifanya kazi, lakini kwa gharama. RAT hufanana na dinamo ya baiskeli: mwendeshaji akipunguza mwendo, taa inafifia. Kadiri ndege ilivyopunguza kasi, pangaboi lilipata upepo mdogo zaidi, shinikizo likapungua, na usukani ukazidi kuwa mzito kadiri ardhi ilivyokaribia. Pampu hiyo ya 767 hutoa nguvu ya kutosha ndege ikiwa juu ya kilomita 240 kwa saa hivi. Chini ya hapo dhamana inakwisha.

Dakika 17 hivi baada ya injini kuzimika, magurudumu yaligusa lami. Gurudumu la mbele, lililoshushwa kwa uzito wake lenyewe, halikuwa limejifunga, likakunjika. Pua ikakwaruza chini na kuisimamisha ndege kabla haijawafikia watu. Hakuna aliyekufa. Ndege ilitengenezwa, ikaendelea kubeba abiria hadi 2008.

Kisa cha pili kinaonyesha upande wa APU. Januari 15, 2009, Airbus A320 ya US Airways iligongana na kundi la mabata bukini mara tu baada ya kupaa New York, ikiwa chini ya futi 3,000. Injini zote mbili zilipoteza karibu nguvu zote, lakini matangi yalikuwa na mafuta. Ndani ya sekunde kumi hivi, nahodha Chesley Sullenberger aliiwasha APU bila kungoja orodha ya hatua za dharura, ambayo ilitungwa kwa injini zinazozimika juu sana angani ambako muda upo. Yeye alikuwa na dakika tatu na nusu. A320 huongozwa kwa kompyuta zinazozuia rubani asiipandishe pua kupita kiasi, na kompyuta hizo zinataka umeme usiokatika. Wachunguzi walihitimisha kwamba uamuzi huo uliboresha matokeo. Watu wote 155 walitoka hai mtoni Hudson.

Ndege za sasa zinategemea umeme zaidi. Boeing 787, inayorushwa na Kenya Airways na Air Tanzania, ina jenereta nne kwenye injini zake na mbili kwenye APU, kwa sababu hata hewa ya kabini hushinikizwa kwa mota za umeme. RAT yake hutoa haidroliki na umeme pia. Haiwezi, hata hivyo, kuongeza msukumo: ndege bado inashuka, na kila futi iliyopotea haipatikani tena. Ndiyo maana RAT huokoa ndege yenye kimo cha kutosha na mahali pa kutua. Na ikishachomoza, rubani hana namna ya kuirudisha ndani angani. Kazi hiyo hufanywa na mafundi, ndege ikiwa imesimama chini.