Kusoma mstari wa bei: tano ni nambari, nne ni bei

Kahawa ya robusta inayolimwa pande za Isangi na Yangambi hupimwa bei kwa kulinganishwa na soko la London, ambako mkataba mmoja ni tani 10 na bei huandikwa kwa dola kwa tani. Faili ya bei hizo huwa hivi (nambari ni za mfano tu, jana kisha leo):

```
open,high,low,close,volume
4080,4150,4060,4120,8700
4200,4310,4160,4185,9500
```

Vichwa hivyo vina maana gani?
Kila kimoja kimefupishwa, jina limeachwa. Kiswahili kinatulazimisha kulirudisha: *ya* kufungulia, *ya* juu kabisa, *ya* chini kabisa, *ya* kufungia. Ni ya nini? Ni bei. Lakini `volume` si bei: ni hesabu ya mikataba iliyobadilishana mikono siku hiyo.

Leo bei imepanda au imeshuka?
Inategemea unalinganisha na nini. Ilifungua 4200 ikafunga 4185: ndani ya siku imeshuka dola 15. Lakini jana ilifunga 4120, kwa hiyo toka jana imepanda 65. Mnunuzi akimwambia mkulima «leo bei imeshuka», hasemi uongo, ila amechagua ulinganisho unaomfaa yeye. Mwulize: imeshuka toka lini? Kwa desturi, badiliko la siku huhesabiwa toka bei ya kufungia ya jana.

Je, ilifika 4310 kwanza, au 4160?
Mstari hausemi. Unatoa mipaka ya siku, hautoi mfuatano wake. Ukitaka kujua kipi kilitangulia, tafuta data ya saa kwa saa.

9500 maana yake tani 95 000 za kahawa zimesafirishwa?
Hapana. Hesabu ya tani ni sawa, lakini ni za kwenye mikataba. Mkataba uleule unaweza kuuzwa mara nyingi kwa siku bila gunia hata moja kutoka ghalani.

Nitajuaje kama mstari una kosa?
`low` isizidi nambari yoyote ya zile bei nne, na `high` isipungue yoyote. Ukikuta `high` 4180 na `open` 4200, huenda safu zimebadilishana nafasi; usiutumie mstari huo kabla ya kusoma tena vichwa.

Kosa lingine halionekani kwa kipimo hicho. Vyanzo vingine huandika kwenye `close` bei ya biashara ya mwisho, vingine bei rasmi ambayo soko hukokotoa mwisho wa siku. Zote mbili kwa kawaida hukaa kati ya mipaka, na bado zaweza kutofautiana. Basi usichukue bei ya jana kwenye chanzo kimoja na ya leo kwenye kingine: zile dola 65 zingeweza kuwa tofauti ya vyanzo, wala si ya kahawa.